A.M.S. si Amsterdam: herufi za jina kwenye begi la safari

Abiria mwenye majina matatu yanayoanza na A, M na S, akizichora herufi zake kwa rangi nyeupe juu ya begi jeusi, huwa ameandika bila kujua jina la kiwanja cha ndege. AMS ni Amsterdam. Mwenye D.A.R. ameandika Dar es Salaam, M.B.A. ni Mombasa, na K.G.L. ni Kigali. Mara nyingi jambo hili halimdhuru mtu, kwa sababu begi linapopita kwenye mikanda ya uwanjani halisomwi kwa kilichochorwa ubavuni. Linasomwa kwa lebo ya karatasi iliyofungwa mpinini. Shida huanza pale lebo ile inapokatika, begi likabaki mbele ya mfanyakazi wa zamu ya usiku likiwa na herufi tatu tu, kubwa na nyeupe, zilizofanana kabisa na zile anazozisoma mchana kutwa.

Tumchukue A.M.S. huyu na begi lake. Anatoka Dar es Salaam kwenda London, na anabadilisha ndege Nairobi. Begi ni la kitambaa, jeusi, lina magurudumu na mpini wa kuvuta. Kwa maneno mengine, ni begi lile lile walilonalo abiria wengine wengi wa ndege hiyo. Ndiyo maana akaamua kuchora herufi.

Kaunta, mhudumu anamfungia lebo ndefu inayojikunja na kujigandisha. Juu yake kuna herufi tatu kubwa, LHR, yaani Heathrow ya London, na kuna NBO, yaani Nairobi, mahali pa kubadilishia. Kuna jina lake, kuna msimbopau, na chini ya msimbopau kuna namba ya tarakimu kumi. Hiyo namba ndiyo kitambulisho halisi cha begi. Tarakimu ya kwanza aghlabu ni 0. Tatu zinazofuata ni za shirika la ndege: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Sita za mwisho ni namba ya mfululizo ya begi lenyewe. Kipande kidogo chenye namba hiyo hiyo hubandikwa nyuma ya pasi ya kupandia ndege au hukabidhiwa abiria mkononi, naye hukikunja na kukitumbukiza mfukoni pamoja na chenji. Watu wengi hawakisomi kamwe, na hilo ni kosa la kwanza.

Tangu Juni 2018, azimio namba 753 la IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, linayataka mashirika wanachama yafuatilie kila begi katika hatua nne: linapopokelewa, linapopakiwa ndegeni, linapohamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine, na linaporudishwa kwa mwenyewe. Kinachofuatiliwa katika hatua zote nne ni ile namba ya tarakimu kumi. Jina la A.M.S. halihitajiki, na herufi alizozichora hazijulikani na mfumo wowote.

Sasa lebo ikatike. Hukatika: mpini hunasa kwenye ukingo wa mkanda, au lebo ilifungwa kwa haraka na gundi haikushika, au begi liliburuzwa chini ya jingine zito. Begi linafika Nairobi bila karatasi. Kwa mashine, begi hilo halina mwenyewe. Anayebaki ni binadamu, naye anafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: analigeuza kutafuta maandishi. Akikuta jina na namba ya simu, kazi imekwisha kabla haijaanza. Akikuta stika ya zamani ya safari ya mwaka jana, yenye msimbopau uliobaki ubavuni, anaweza kupotezwa nayo. Akikuta AMS peke yake, ana haki ya kujiuliza kama begi hili halikuwa la ndege ya Amsterdam.

Asipokuta kitu, begi linaingizwa kwenye mfumo wa kutafutia mizigo unaotumiwa na mashirika mengi duniani, unaoitwa WorldTracer, kama begi lililopatikana bila mwenyewe. Wakati huo huo A.M.S. yuko London, mkanda umezunguka mpaka ukasimama, naye anakwenda kaunta ya mizigo kuripoti. Anaulizwa rangi na aina ya begi, na mhudumu anaitafuta picha yake kwenye chati maalumu. Rangi ni herufi mbili: BK ni nyeusi, BU buluu, RD nyekundu. Umbo ni tarakimu mbili: 22 ni begi la kitambaa la kusimama wima. Kwa hiyo begi alilolilipia fedha nyingi dukani linakuwa BK22, na BK22 ndiyo aina iliyojaa duniani. Ripoti nayo inapewa namba yake: herufi tatu za kiwanja, mbili za shirika, kisha tarakimu tano, kwa mfano LHRKQ10234. Namba hiyo ndiyo atakayoitaja kila atakapopiga simu.

Kompyuta hulinganisha ripoti za waliopotelewa na orodha ya mabegi yaliyookotwa, na hapa ndipo maandishi ya mwenye begi yanapopata thamani. BK22 peke yake haimtoi mtu katika umati. BK22 yenye alama nyeupe "A.M. 47" pande zote mbili, na ndani yake kanga mbili na kopo la asali, inaweza kumtoa. Kwa hiyo herufi za jina zina kazi, ila si kazi ambayo wengi hudhani. Hazimwambii mgeni wewe ni nani. Zinakusaidia wewe kulijua begi lako kwa mbali, na zinamsaidia anayetafuta kuthibitisha kwamba alilolipata ndilo ulilolieleza.

Kazi hiyo nayo inategemea herufi zisiwe za kila mtu, na kwetu hilo ni gumu kuliko watengenezaji wa lebo walivyofikiri. Kwa hesabu ya kitabuni, alfabeti yenye herufi 26 inatoa jozi 676, na mtu angeona hizo zinatosha ndege nzima. Lakini majina hayajagawanywa sawasawa. Hesabu majina ya pwani: Ali, Asha, Amina, Abdallah, Mohamed, Musa, Mariamu, Mwanaidi, Salum, Saidi, Saada. Panda ndege Kilimanjaro uangalie majina ya ukoo ya Wachaga: Mushi, Massawe, Mosha, Minja, Mrema. Nenda Kisumu, wanaume ni Otieno, Odhiambo, Onyango, na dada zao ni Atieno, Adhiambo, Anyango. Herufi chache zimebeba watu wengi.

Tuseme, kwa kukadiria tu, kwamba mtu mmoja kati ya wanane katika ndege jina lake linaanza na A, na mmoja kati ya wanane jina la baba yake linaanza na M. Basi A.M. ni mtu mmoja kati ya 64. Ndege ya abiria 180 itakuwa na wastani wa karibu A.M. watatu. Wote watatu wakiwa na mabegi meusi, na wote wakiwa wamechora herufi zao, kila mmoja ana nafasi nzuri ya kuondoka na begi la mwenzake akiwa na uhakika kamili, kwa sababu ameona herufi zake. Begi lisilo na alama humfanya mtu aangalie mara mbili. Begi lenye herufi zako humfanya aache kuangalia.

Walioligundua tatizo hili mapema ni waandaaji wa mbio. Kati ya 2013 na 2023, rekodi ya dunia ya marathoni ya wanaume ilivunjwa na Wilson Kipsang, Dennis Kimetto, Eliud Kipchoge mara mbili, na Kelvin Kiptum. Wote ni Wakenya, na jina la kila mmoja linaanza na K, kwa sababu Kip- ni mwanzo wa kawaida wa majina ya wanaume wa Kikalenjin. Mwandalizi anayeandika K. kifuani mwa mkimbiaji kutoka Iten au Eldoret atakuwa hajaandika kitu. Ndiyo maana mashindano makubwa huwapa wakimbiaji wa mbele jina zima la mwisho kwenye kitambaa cha kifuani ili mtazamaji ajue ni nani, na umati wote unaofuata hupewa namba, ili saa na mpigapicha wajue. Nyuma ya kitambaa hicho, upande unaogusa ngozi, mkimbiaji huombwa aandike jina lake kamili na simu ya ndugu wa kupigiwa akianguka. Mbele pana kitu kifupi cha kusomwa kwa mbali, nyuma pana maelezo kamili ya kusomwa na mwenye sababu. Huo ni mpangilio mzuri kuliko mwingi ninaouona kwenye mabegi.

Mbio hizo hizo ndizo zilizotoa mfano mkubwa wa jinsi herufi za jina zinavyoweza kuficha. Aprili 1967 mtu aliyejiandikisha kama K. V. Switzer alianza marathoni ya Boston akiwa na namba 261 kifuani. Waandaaji waliposoma K. V. hawakuuliza kitu. Ilikuwa mbio wakati huo isiyopokea wanawake rasmi, na K. ilikuwa Kathrine. Alipotambuliwa njiani, mmoja wa wasimamizi, Jock Semple, aliingia barabarani na kujaribu kuing'oa ile namba, akasukumwa pembeni na rafiki wa kiume wa Switzer aliyekuwa akikimbia naye. Switzer alimaliza mbio. Wanawake waliruhusiwa rasmi Boston mwaka 1972, na mwaka 2017 waandaaji waliiondoa namba 261 katika matumizi kwa heshima yake. Semple hakuyashika maandishi ya jina. Alishika namba, maana alijua namba ndiyo inayomfanya mtu awe mshiriki. Herufi K. V. zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yao mezani, siku ya kujiandikisha, ya kutosema.

Msafiri anaweza kuitumia tabia hiyo ya herufi kwa faida yake. Lebo yenye jina zima, anwani ya nyumbani na picha ya familia humwambia kila anayepita kwenye foleni kwamba nyumba fulani mtaa fulani haina mtu wiki hii. Mwanamke anayesafiri peke yake hana sababu ya kutangaza hilo kwenye mpini. Herufi za jina na namba ya simu yenye msimbo wa nchi, +255 au +254, zinatosha nje. Maelezo kamili yawekwe ndani, juu ya nguo, kwenye karatasi nzito, kwa sababu begi lisilo na mwenyewe hufunguliwa hatimaye, na anayelifungua anatafuta karatasi. Simu iliyoandikwa iwe ile itakayokuwa hewani ugenini. Wengi huandika laini ya nyumbani, kisha wakifika wanaichomoa.

Kuhusu monogramu, yaani herufi zilizosukwa zikawa alama moja, nina maoni makali kidogo. Ni nzuri kwenye taulo na leso. Kwenye begi huchanganya, hasa kwa desturi ya Magharibi inayoweka jina la ukoo katikati kwa herufi kubwa: A.M.S. wetu akipeleka begi kwa mtarizi anayefuata desturi hiyo, atarudishiwa a-S-m, nayo ikisomwa kutoka kushoto haimtaji yeye tena. Juu ya hayo, monogramu maarufu kuliko zote kwenye mabegi haimtaji mwenye begi hata kidogo. LV zilizopishana ziliwekwa kwenye kitambaa mwaka 1896 na Georges Vuitton, kwa kumbukumbu ya baba yake Louis, na zilikusudiwa kuwatambulisha watengenezaji na kuwakwamisha waigaji. Leo waigaji ndio wanaozitumia zaidi ya wote. Katika mkanda wa kiwanja chochote, LV si kitambulisho.

Tatizo jingine la majina matatu ni mpangilio. Pwani mtu huitwa kwa jina lake, la baba, la babu. Shirika la ndege linataka jina la ukoo kwanza, hivyo huchukua la mwisho katika pasipoti, huweka mkwaju, kisha jina la mwenyewe. Begi limechorwa A.M.S.; tiketi na lebo vinaanza na S. Anayelinganisha begi lisilo na lebo na orodha ya abiria atatafuta chini ya herufi isiyo sahihi, ama A au M. Basi kwenye maelezo ya ndani, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na la mwisho lipigiwe mstari.

Nikiulizwa achore nini, ningemwambia A.M.S. aache herufi ya tatu na aweke tarakimu mbili. Afanye A.M. 47, ambapo 47 ni mwisho wa namba yake ya simu. Kwa makadirio yale yale ya juu, A.M. yumo mmoja kati ya 64, na kila jozi ya tarakimu humpata mtu mmoja kati ya 100, hivyo A.M. 47 ni mmoja kati ya 6,400. Katika ndege ya watu 180, uwezekano wa kukutana na mwingine unashuka chini ya asilimia 3. Tarakimu za simu ni bora kuliko mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu miaka ya kuzaliwa ya wasafiri hurundikana, na pia hauna haja ya kuutangaza. Na kwa kuwa si herufi tatu tupu, hakuna atakayeidhani kuwa kiwanja cha ndege. Ziepukwe O na 0, I na 1, S na 5, B na 8 zikikaa jirani, maana rangi ikichubuka hazitofautiki.

Wanafunzi wa bweni walilifikia suluhisho hilo zamani. Masanduku ya bati ya shule hutoka kwa fundi yakiwa pacha, na mchora maandishi huweka jina pamoja na namba ya usajili ya mwanafunzi. Jina peke yake lingeleta ugomvi bwenini wiki ya kwanza.

Urefu wa herufi uwe kama sentimita 5, usomeke kutoka upande wa pili wa mkanda, na zichorwe pande zote mbili pana, kwa kuwa begi huanguka ubavu wowote. Kwenye kitambaa, rangi ya mafuta hudumu. Kwenye ganda gumu la plastiki, maka peni hufutika baada ya safari chache na stika hubanduka pembeni kwanza, kwa hiyo mkanda wa kitambaa wenye rangi kali uliofungwa kuzunguka begi ni bora, na uandikwe wenyewe.

Kuna msimbo mmoja mfupi ambao haupaswi kuonekana kabisa: ule wa herufi na tarakimu sita unaotolewa tiketi inaponunuliwa. Mashirika mengine huuchapa pia kwenye lebo ya begi, karibu na jina. Desemba 2016, huko Hamburg, watafiti Karsten Nohl na Nemanja Nikodijević walionyesha hadharani kwamba msimbo huo pamoja na jina la ukoo hutosha kufungulia safari ya mtu, kuona maelezo yake, hata kubadilisha tiketi. Kumbe maelfu ya wasafiri walikuwa wakiuweka mtandaoni wenyewe, kwenye picha ya pasi ya kupandia ndege kando ya kikombe cha kahawa. Lebo ya safari iliyokwisha ichanwe, isiachwe kwenye pipa la hoteli ikiwa nzima.

Kwa begi lenyewe, Mkataba wa Montreal wa 1999 unasema lisipofika ndani ya siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, abiria anaweza kudai kama aliyepotelewa. Dai hilo litasimama juu ya kile kipande chenye tarakimu kumi na namba ya ripoti, wala si juu ya herufi za rangi. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujaondoka kaunta, bandua stika zote za zamani, lipige begi picha, kisha soma herufi tatu kubwa kwenye lebo mpya na uhakikishe ni za mji unaokwenda. Mhudumu akikosea hapo, anaweza kurekebisha kwa dakika moja. Begi likishapita nyuma ya pazia la mpira, hawezi.